Khanga Mbili za Mkunga: Yaliyosemwa Siku ya Kuvishwa Pini Mtawanya

Hotuba za mahafali kwa kawaida husahaulika kabla ya sahani za pilau kukusanywa. Hii tunayoieleza leo haikusahaulika, na kwa wiki nzima tumeulizwa habari zake na akina mama waliokuwapo na wasiokuwapo. Ilitolewa Mtawanya na mkunga wa makamo ya juu, mwanamke aliyetumikia zahanati na wodi za wazazi za pwani hii ya Mtwara hadi bonde la Ruvuma, katika sherehe ya kuwavisha pini wauguzi wapya waliomaliza masomo. Ametuomba jina lake tusilichapishe, kwa kuwa katika hotuba yake mna habari za mgonjwa. Tutamwita Bibi Mkunga, kama wahitimu wenyewe walivyomwita.

Kabla ya kuingia katika kiini cha maneno yake, lipo jambo lililowatatiza baadhi ya wazazi, nasi tunaona lifafanuliwe. Katika sherehe hizi wahitimu huwashiwa mishumaa au taa, kisha husoma kiapo kwa pamoja. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alinong'ona akiuliza kama binti yake hakuingizwa katika ibada ya watu wengine. Bibi Mkunga aliligusa suala hilo mapema, tena bila ukali. Taa ile, alisema, ni kumbukumbu ya Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Krimea kuanzia mwaka 1854. Hospitali yake ilikuwa ndani ya kambi ya Waturuki pale Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, na taa aliyoishika usiku alipowazungukia wagonjwa ilikuwa ya Kituruki, ya kukunjwa, yenye kuta za kitambaa. Kwa lugha yetu, fanusi. Wachoraji wa Ulaya ndio walioigeuza baadaye ikawa kibuyu chenye mdomo, na hicho ndicho kilichochongwa katika pini nyingi. Kiapo nacho hakikuandikwa na Nightingale, ingawa huitwa kwa jina lake. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja cha wauguzi.

"Hiyo si ibada, baba zangu," alisema. "Ni ukumbusho wa mtu aliyeamka usiku kwenda kutazama."

Neno hilo, kutazama, ndilo lililokuwa uzi wa hotuba yote.

Akawarudisha wahitimu nyuma zaidi, Madina, mwaka wa 5 Hijria, baada ya vita vya Handaki. Swahaba Sa'd bin Mu'adh (RA) alijeruhiwa mshipa wa mkono, na Mtume (SAW) akaamuru hema lisimamishwe msikitini ili awe karibu naye. Vitabu vya sira vinamtaja Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyekuwa akiwahudumia majeruhi katika hema. Leo chuo kikuu kimoja cha tiba nchini Bahrain hutoa tuzo ya uuguzi kwa jina lake. Lakini Bibi Mkunga hakumtaja Rufaida ili kuwapa Waislamu fahari. Alitaka wahitimu walione jambo moja katika riwaya mashuhuri ya kifo cha Sa'd: kidonda kilifumka upya usiku, na waliogundua walikuwa watu wa hema la jirani, la Bani Ghifar, pale walipoona damu ikitiririka kuwajia, wakauliza nini hiki kinachotoka upande wenu.

"Sisemi hivi kumlaumu yeyote," alisema. "Ajali ya Sa'd ilikuwa imefika, na mwenyewe alikwisha kumwomba Mola wake. Nasema kwa sababu damu ndivyo ilivyo. Haipigi kelele. Hutoka kimya, na mara nyingi wa kwanza kuiona ni yule iliyemfikia, naye si yule aliyekuwa akiilinda."

Hapo akaomba aletewe jagi la juisi ya rozela, ile nyekundu inayonywewa harusini, pamoja na doti moja ya khanga ya rangi ya kahawia iliyoiva, na mizani ya kuning'iniza inayotumika kliniki kupimia watoto. Ukumbi ukacheka. Alipima juisi kwa chupa mbele ya mwalimu mmoja, akaimimina polepole juu ya zile khanga mbili zilizokunjwa katika beseni, kisha akawapitishia wahitimu vipande vya karatasi. Kila mmoja aandike kwa siri: hapa pana kiasi gani?

Vikaratasi vilisomwa kwa sauti. Wengi waliandika mililita 200 au 300. Mmoja aliandika 400. Aliyefika 500 hakuwapo. Ndipo khanga zikatundikwa kwenye mizani: gramu 1,100. Kabla ya kulowa zilikuwa gramu 400, maana khanga moja kavu ya aina ile ilikuwa na gramu 200. Tofauti ni gramu 700, na kwa kuwa mililita moja ya damu ina uzito unaokaribia sana gramu moja, hesabu haihitaji ufundi mwingine. Mle mlikuwa na mililita 700.

"Mmesoma miaka yote hii," aliwaambia, "na macho yenu yameona nusu, tena mchana, taa zikiwaka, hakuna anayelia. Basi usiku mtaona nini?"

Nusu lita ndiyo mpaka unaofundishwa vyuoni: mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza mililita 500 au zaidi, huyo anahesabiwa kuwa ametokwa na damu nyingi. Duniani kote hakuna sababu moja inayoua wazazi wengi kuliko hiyo. Bibi Mkunga alieleza kwa nini mambo huenda kasi namna ile. Mwishoni mwa mimba, damu inayopita katika mfuko wa uzazi kila dakika hufikia nusu lita, wakati mwingine zaidi. Kondo la nyuma likishabanduka, midomo ya mishipa ile yote hubaki wazi, na hakuna kitambaa kinachoweza kuiziba. Inazibwa na misuli ya mfuko wenyewe, ambayo nyuzi zake zimepishana kama nyavu. Misuli ikikaza, kila tundu la nyavu hubana mshipa uliopita ndani yake. Misuli ikilegea, mishipa hufunguka. Kwa hiyo mkunga akiweka kiganja juu ya tumbo la mzazi anatafuta kitu kigumu kama paji la uso. Akikuta kitu laini kama unga uliokandwa, ajue nyavu zimelegea, hata kama shuka ni nyeupe.

Kisha akasimulia kisa. Zahanati hakuitaja, nasi hatukumuuliza. Alisema tu kwamba ni ya kijiji kilichoko upande wa mdomo wa Ruvuma, ambako usiku mtu husikia mawimbi.

Mama alikuwa anajifungua mtoto wa tano. Alifika kwa pikipiki akiwa na mama mkwe wake, akajifungua saa 3:10 usiku mtoto mkubwa mwenye afya. Muuguzi aliyekuwa zamu, kijana aliyehitimu mwaka uliotangulia, alifanya alivyofundishwa: alimchoma mama sindano ya oksitosini uniti 10 pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, akalitoa kondo saa 3:18, akalikagua, likawa zima. Alipima mapigo, 84 kwa dakika, na presha, 110 kwa 70. Katika fomu akaandika: damu kiasi cha kawaida. Mpaka hapo, Bibi Mkunga alisema, hakuwa na neno la kumlaumu.

Saa 4:20 aliingia yeye kupokea zamu. Mama alikuwa amelala ubavu, amefunikwa vizuri hadi shingoni, na chini yake pana khanga safi, kavu kwa kutazama. Mama mkwe yuko pembeni na mjukuu mapajani, uso umejaa furaha. Mzazi alipomwona akasema, "Sista, nasikia kiu." Kisha akapiga mwayo. Kisha tena.

"Mwayo ule," alisema Bibi Mkunga, na hapa sauti yake ilishuka, "ndio uliyonipeleka kwenye mkono wake." Mapigo yalikuwa 116. Presha ilikuwa 100 kwa 60, namba ambayo peke yake isingemshitua mtu. Lakini mwili wa mzazi hujikaza. Presha hushikilia hadi karibu na mwisho, ilhali mapigo hupanda mapema. Aliwapa wahitimu kanuni rahisi wanayoweza kuikumbuka saa nane za usiku: mapigo yakishaikaribia namba ya juu ya presha, kuna jambo, yakiipita, jambo limekwisha kuwa kubwa. Hapa 116 ilikuwa imeipita 100.

Akauliza, "Mama, khanga alizolalia mwanzo ziko wapi?"

Mama mkwe akaonyesha kwa haya nyuma ya mlango. Ndani ya beseni zilikuwamo mbili, zimeviringishwa. Alizitoa mwenyewe kila ilipolowa, akatandika nyingine, ili mkwewe asionekane katika hali ile na wauguzi wasipate taabu. Alikusudia kuzifua alfajiri. Tumeandika neno haya kwa makusudi, maana ndilo lililotugusa zaidi katika kisa chote. Bibi yule hakufanya kosa la uzembe. Alifanya ihsani, alimsitiri mwanamke mwenzake, na sitara hiyohiyo ikawaficha wauguzi damu waliyopaswa kuiona.

Yaliyofuata yalichukua dakika chache, na Bibi Mkunga aliyaeleza kama mtu anayehesabu vidole vyake. Alimwita kwa sauti yule kijana na mhudumu wa usiku, kwa sababu kazi hii haifanywi na mikono miwili. Aliomba ruhusa ya mama, akavuta pazia, akaweka kiganja tumboni: mfuko ulikuwa laini, umepanda juu ya kitovu, umesukumwa upande wa kulia. Kupanda na kusukumwa kule kulimwambia sababu. Kibofu kilikuwa kimejaa mkojo, nacho kikijaa huuzuia mfuko usikaze. Wakati yeye anausugua mfuko kwa mviringo, kijana aliingiza mpira wa mkojo, na uliotoka ulikuwa zaidi ya nusu lita. Mhudumu aliandaa dripu, ikatiwa oksitosini. Ikafuata asidi ya traneksamiki, gramu moja, iliyosukumwa mshipani taratibu kwa dakika kumi. Dawa hiyo husaidia damu kushika, lakini ina saa yake: hutakiwa kutolewa ndani ya saa tatu tangu mama kujifungua, na mapema ni bora. Wakaikagua njia ya uzazi kama kuna mchaniko. Hapakuwa nao. Chini ya kiganja mfuko ulianza kuwa mgumu.

Baada ya hayo tu ndipo alipozipima khanga, kwa mizani ya watoto. Jambo hili alilikazia: hakupima kwanza. Mapigo na ulaini wa mfuko vilikwisha kumtosha kuanza tiba. Alipima kwa ajili ya barua ya rufaa, ili daktari atakayempokea asisome maneno "ametokwa na damu" bali asome kiasi. Zile mbili za kwenye beseni na ya tatu aliyokuwa ameilalia, ambayo upande wa chini ilikuwa imelowa, zilifika gramu 1,500. Ukitoa gramu 600 za khanga tatu kavu, zinabaki 900. Mama alikuwa amepoteza karibu lita moja ndani ya saa moja na dakika kumi, katika chumba chenye watu watatu wanaompenda. Alipelekwa hospitali usiku uleule, akaongezewa chupa mbili za damu. Mtoto wake, alituambia, sasa anasoma madrasa.

Kwa nini hatua hizi zisifuatwe kila mahali? Bibi Mkunga hakuwaficha wahitimu mipaka ya kazi yao. Alikumbusha kwamba elimu ya khanga haikutoka Ulaya. Kigoma, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2005 ambazo marehemu Dakta Godfrey Mbaruku alikuwa miongoni mwa waandishi wake, wakunga wa jadi walifundishwa kwamba khanga mbili zikilowa kabisa, mama amekwisha kuvuka nusu lita, na hapo wasingoje. Doti moja, basi, ndiyo kipimo ambacho kila nyumba ya pwani inacho. Daktari huyohuyo, katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, aliwahi kuongoza juhudi za gharama ndogo kati ya mwaka 1984 na 1991, na vifo vya wazazi vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Lakini kipimo cha khanga kina kasoro, naye alizitaja. Maji ya uzazi na mkojo huchanganyika na damu, na khanga ikionekana imelowa sana huenda damu ni kidogo. Kwa upande mwingine, mama aliyekuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya malaria au minyoo, nao si wachache huku kwetu, anaweza kuzidiwa kabla doti haijalowa. Ndiyo maana siku hizi wakunga hufundishwa kutandika chini ya mzazi karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kipimo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, pale mfuko huo ulipotumika pamoja na tiba zote kutolewa kwa mkupuo badala ya moja kungojea nyingine, damu nyingi iligunduliwa kwa wazazi 93 katika kila 100 waliotokwa nayo. Palipofuatwa desturi ya macho, waligunduliwa 51. Hatari ya kupatwa na madhara makubwa ilipungua kwa asilimia 60. Pale wakunga hawakungoja 500 kila mara: damu ikifika 300 na mapigo au presha si ya kawaida, tiba ilianza.

"Mfuko ule ukiwapo, utumieni," alisema. "Usipokuwapo, msiseme hakuna kifaa. Khanga ipo na mizani ipo."

Mhitimu mmoja wa kiume aliinuka kuuliza swali ambalo tuliliona ni la adabu. Mama akikataa kufunuliwa, kwa kuwa muuguzi ni mwanamume, afanyeje? Bibi Mkunga alijibu kwamba amtafute muuguzi wa kike kama yupo, na kama hayupo asimame na mama mkwe au ndugu wa kike ndani ya pazia, amweleze mgonjwa anachotafuta, afunue pale panapohitajika na si zaidi, kisha afunike. Masheikh wetu wana kanuni inayolingana kabisa na jibu hilo: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Ila aliongeza kwamba mzazi mwenye kukataa huku anapiga miayo, anasikia baridi na maneno yake yanachanganyika, huyo hajakataa kwa akili yake. Damu imekwisha kumpungukia kichwani.

Kwa jamaa walioketi nyuma, ambao naamini hawakutarajia kusemeshwa, alikuwa na ombi moja. Mkimsindikiza mzazi, chukueni khanga nyingi mnavyoweza, lakini iliyolowa msiifue wala msiifiche kabla muuguzi hajaiona. Iwekeni katika beseni peke yake, bila maji. Iliyo chini yake igeuzeni, kwa kuwa damu huzama. Mkiona anasikia kiu isiyoisha, miayo, baridi au wasiwasi asioweza kuueleza, iteni mtu hata kama mmekwisha kuita mara mbili na mkajibiwa kwamba ni uchovu. Na mkirudi nyumbani, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, rudini siku hiyohiyo. Hatari haiishi usiku wa kwanza, inaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye.

Pini zilivishwa baada ya hapo. Kwa mabinti wenye ushungi ilipachikwa kifuani chini ya kitambaa, na walimu waliwakumbusha wote kwamba beji ile haimruhusu mtu kushika mgonjwa, bado kuna mtihani na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kisha Bibi Mkunga akaitundika mizani tena, akamwaga rozela katika doti ya pili, ya rangi nyeusi safari hii, na kumwita mhitimu wa kwanza aje akadirie.